Namna ya Kupasha Hemu Yenye Mfupa Kwenye Oveni Bila Kuikausha

Krismasi na Pasaka zikikaribia, ndugu zetu walioko Marekani huuliza maswali yaleyale. Nimepewa hemu kazini, nianze kwa kuichemsha? Oveni niiweke moto kiasi gani? Nimeikata katikati, mbona bado ina rangi ya waridi, si mbichi hiyo? Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeipika kwa mara ya kwanza. Nimeuelekeza kwenye hemu ambayo wengi hukutana nayo huko: nusu paja la nguruwe, lenye mfupa, lililotiwa chumvi, likafukizwa moshi na kuiva kabisa kiwandani.

Neno la kushika ni hilo la mwisho, kuiva kabisa. Ukishazoea kitimoto, unaanza na nyama mbichi na kazi yako ni kuiivisha. Hapa nyama imeshaiva, na ungeweza hata kuila ya baridi kutoka kwenye friji. Unachofanya ni kuipasha mpaka katikati huku ukilinda maji yaliyomo ndani yake. Karibu kila hemu ngumu na kavu niliyowahi kuwekewa mezani ilipikwa na mtu aliyedhani anaivisha nyama mbichi.

## Kwanza soma lebo

Usiondoe plastiki kabla hujaisoma lebo mbele na nyuma. Unatafuta jambo moja: je, nyama imeiva kabisa, au inatakiwa kupikwa kabla ya kuliwa? Marekani, hemu ambayo haijaiva lazima lebo yake iseme kwamba inahitaji kupikwa, na itabeba maelekezo ya kuipika. Usitegemee kuona moshi kwenye ngozi. Hemu inaweza kufukizwa moshi ikawa ya kahawia kwa nje na ndani bado ni mbichi.

Rangi nayo haitakusaidia. Chumvi inayotumika kuhifadhi hemu huchanganywa na naitraiti, na hiyo ndiyo inayoifanya nyama ibaki ya waridi hata ikiiva. Ukiendelea kuipika ukisubiri igeuke kijivu kama nyama ya kawaida, utasubiri mpaka ikauke.

Angalia pia ilifungwa wapi. Ikiwa imefungwa kiwandani na hujaifungua, Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema ipashwe mpaka katikati ifike nyuzi 60 za Selsiasi (140 za Farenhaiti). Ikiwa ilikatwa na kufungwa upya dukani kwenye meza ya mchinjaji, au ni kiporo, ifikishe nyuzi 74 (Farenhaiti 165), kwa sababu imeshapita mikononi mwa watu na kwenye visu baada ya kuiva. Ikiwa ni mbichi, ruka mpaka sehemu ya hemu mbichi huko chini kabla hujawasha oveni.

## Vitu vya kuandaa

- Hemu yenyewe. Kwa walaji 8 hadi 10, nusu hemu yenye mfupa ya kilo 3.2 (paundi 7) inatosha na kubaki kidogo.
- Trei ya kuokea yenye kingo za angalau sentimita 5, na waya wa kuinulia nyama kama unao.
- Karatasi ya foili, ile pana na nene.
- Kipimajoto cha nyama chenye ncha ya kuchoma. Hiki si cha hiari. Vya bei nafuu vinafanya kazi vizuri tu.
- Maji vikombe 2.
- Kwa kipako cha juu: sukari ya kahawia au sukari guru iliyosagwa kikombe 1, haradali vijiko vikubwa 2, juisi ya nanasi vijiko vikubwa 3, karafuu ya unga robo kijiko cha chai. Ukiwa na karafuu nzima kutoka nyumbani, weka kando kiganja kimoja.

Umeona sijaorodhesha chumvi. Usiongeze. Nyama hii imelowekwa au kudungwa maji ya chumvi tangu kiwandani.

Kama hemu imegandishwa, itoe kwenye friza mapema na kuiweka kwenye friji, ikiwa ndani ya bakuli la kukinga maji. Hesabu saa 24 kwa kila kilo 2 hivi. Hii yetu ya kilo 3.2 ipe siku mbili kamili. Usiiache kwenye kaunta usiku kucha, maana nje itakuwa imeshapata joto la kuzalisha bakteria huku katikati bado ni barafu.

Kipimajoto nacho kijaribu kabla. Jaza glasi barafu, ongeza maji kidogo, chomeka ncha katikati na usubiri kitulie. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 3, basi utakuwa ukitoa 3 kwenye kila kipimo cha siku hiyo.

## Dakika ngapi kwa kilo

Oveni iwe nyuzi 163, yaani 325 za Farenhaiti. Usishuke chini ya hapo, kwani nyama itakaa muda mrefu mno kwenye uvuguvugu usio salama. Kupanda nako hakuharakishi sana: nje hukauka kabla joto halijafika mfupani.

Kwa joto hilo, hemu iliyoiva kabisa na inayotoka kwenye friji huchukua hivi:

- Nusu hemu yenye mfupa, kilo 2.3 hadi 3.2: dakika 40 hadi 53 kwa kila kilo (18 hadi 24 kwa paundi).
- Hemu nzima yenye mfupa, kilo 4.5 hadi 6.4: dakika 33 hadi 40 kwa kilo (15 hadi 18 kwa paundi).
- Hemu isiyo na mfupa, kilo 2.7 hadi 5.4: dakika 22 hadi 33 kwa kilo (10 hadi 15 kwa paundi).
- Hemu yenye mfupa iliyokatwa vipande vya kuzunguka tangu kiwandani, kilo 3.2 hadi 4.1: dakika 22 hadi 40 kwa kilo (10 hadi 18 kwa paundi).

Watu hushangaa kwa nini nusu inadai dakika nyingi kwa kilo kuliko nzima. Joto linapita kwenye unene. Hemu nzima ni ndefu zaidi kuliko nusu, lakini unene wake haujawa mara mbili. Kwa hiyo usichukue dakika za mstari mmoja ukazitumia kwa hemu ya mstari mwingine.

Sasa tufanye hesabu ya hemu yetu. Kilo 3.2 mara 40 ni dakika 128, na 3.2 mara 53 ni dakika 170. Yaani itakuwa tayari wakati wowote kati ya saa mbili na dakika chache, na karibu saa mbili na dakika hamsini. Pengo ni kubwa, ndiyo maana dakika zinakusaidia kupanga siku, na kipimajoto ndicho kinachokuambia uitoe.

Tuseme chakula ni saa 8:00 mchana. Unahitaji dakika 15 za kukata na dakika 20 za kuipumzisha nyama, kwa hiyo itoke oveni saa 7:25. Ukirudi nyuma dakika 170, iingie saa 4:35 asubuhi. Oveni iwashwe saa 4:15. Panga kwa muda mrefu siku zote. Hemu iliyowahi inaweza kusubiri wageni, lakini wageni wenye njaa hawasubiri hemu.

## Hatua kwa hatua

1. Washa oveni kwenye nyuzi 163 (325). Kwenye kioo cha oveni chagua `BAKE`. Usichague `BROIL`, maana hiyo inawasha moto wa juu peke yake na itaunguza ngozi ndani ya dakika chache. Shusha rafu iwe ya chini, ili nyama isikaribie dari.

2. Fungua hemu juu ya sinki, maana ina maji. Ondoa plastiki yote, wavu, na karatasi ya kunyonya maji iliyo chini. Kisha tazama mwisho wa mfupa, upande ule uliokatwa bapa. Mara nyingi pana kifuniko kidogo cha plastiki kilichobandikwa juu ya mfupa ili usitoboe mfuko. Kina rangi inayofanana na mafuta ya nyama, na ndiyo sababu kinasahaulika. Pitisha kidole hapo. Ukihisi kitu laini na kikavu chenye kingo za duara, kinyofoe. Ukikuta pakiti ya unga au mchuzi wa sukari, iweke kando.

3. Pangusa nyama kwa karatasi ya jikoni. Usiioshe chini ya bomba. Kuosha hakuondoi chochote cha maana, na kunarusha matone kwenye sinki na kaunta.

4. Ilaze kwenye trei, upande uliokatwa ukitazama chini. Upande huo hauna ngozi wala mafuta ya kuukinga, kwa hiyo ukiutazamisha juu ndio utakaokauka kwanza. Tia vikombe 2 vya maji kwenye trei, pembeni ya nyama.

5. Funika kwa foili na ubane kingo zote kuzunguka trei. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatandika foili juu kama shuka, na mvuke wote unatoka pembeni. Bana mpaka usione nafasi. Ule mvuke unaobaki ndani ndio unaoizuia nyama kukauka.

6. Ingiza kwenye oveni na uandike saa uliyoingiza. Usifungue mlango kuangalia. Kwa zaidi ya saa moja na nusu hakuna cha kuangalia, na kila ukifungua joto linashuka.

7. Pima mara ya kwanza dakika 25 hadi 30 kabla ya muda mfupi zaidi kuisha. Kwa hemu yetu hiyo ni saa 6:15. Vuta rafu, inua pembe moja ya foili ukijiepusha na mvuke, chomeka kipimajoto kutokea ubavuni mpaka ncha ifike katikati ya sehemu nene. Ncha isiguse mfupa, wala isiishie kwenye mafuta, maana vyote viwili vitakupa namba isiyo ya nyama. Ukihisi ncha imegonga kitu kigumu, irudishe nyuma sentimita 2 na ubadilishe mwelekeo kidogo. Pima sehemu mbili na uamini iliyo ndogo.

8. Endelea kupima kila baada ya dakika 15 hadi 30. Tuseme saa 6:15 umesoma 42, na saa 6:45 umesoma 51. Imepanda nyuzi 9 kwa nusu saa, yaani nyuzi 3 kwa kila dakika 10. Saa 7:00 itakuwa imefika 55 au karibu na hapo. Ukishapata vipimo viwili vya namna hii, huna haja tena ya kubahatisha.

9. Huku ukisubiri, tengeneza kipako. Changanya sukari, haradali, juisi ya nanasi na karafuu ya unga kwenye sufuria ndogo, uweke moto mdogo mpaka sukari iyeyuke na mchanganyiko uwe mzito wa kushika mgongo wa kijiko.

10. Nyama ikifika nyuzi 54 au 55, itoe na upandishe oveni mpaka 200 (400). Ondoa foili. Kwa kisu chenye makali chora mistari ya mshazari juu ya mafuta, kina cha nusu sentimita tu, kisha mingine ya kuikata hiyo. Ukichora mpaka kwenye nyama, maji yatavuja. Kama una karafuu nzima, chomeka moja kwenye kila makutano ya mistari. Paka nusu ya kipako kwa brashi.

11. Rudisha oveni bila kufunika kwa dakika 15 hadi 20, ukipaka nusu iliyobaki katikati ya muda huo. Sasa usiondoke jikoni. Sukari hutoka kwenye kahawia nzuri hadi nyeusi chungu kwa muda wa kupokea simu moja.

12. Pima tena. Katikati ikisoma nyuzi 60, itoe. Ile ya kufungwa upya dukani ibaki mpaka 74. Kwa hiyo usianze kuipaka kipako mpaka ifike karibu 68.

13. Iache kwenye ubao kwa dakika 20, foili ikiwa imelazwa juu bila kubanwa. Kisha kata vipande kuelekea mfupani, na upitishe kisu kando ya mfupa ili viachie.

## Ikiwa imekatwa vipande tangu kiwandani

Hii ndiyo inayowaponda watu zaidi, kwa kuwa kila kipande ni njia ya maji kutoka. Usiichore wala kuichoma karafuu. Ilaze upande uliokatwa ukitazama chini na ubane foili kwa bidii maradufu. Anza kupima mapema, ikifika dakika 20 kwa kilo. Kipako pitisha juu tu, usikisukume katikati ya vipande. Ukiniuliza mimi, hemu ya namna hii huwa tamu zaidi ikiliwa ya baridi au ya joto la chumba muda mfupi baada ya kutoka kwenye friji, na kipako kikipashwa peke yake na kumiminwa mezani.

## Ikiwa ni hemu mbichi

Lebo ikisema ipikwe kwanza, oveni ni ileile ya nyuzi 163, lakini katikati lazima ifike 63 (145), kisha ipumzike angalau dakika 3 kabla ya kuikata. Nusu yenye mfupa ya kilo 2.3 hadi 3.2 huchukua dakika 48 hadi 55 kwa kilo. Nzima ya kilo 4.5 hadi 6.4 huchukua dakika 40 hadi 44. Hatua nyingine hazibadiliki, ila kipako kianze kwenye nyuzi 57 au 58. Gamoni nayo ni nyama ya chumvi ambayo kwa kawaida huuzwa mbichi, hivyo ifuate maelekezo haya na siyo yale ya hemu iliyoiva.

## Mambo yakienda mrama

Muda umeisha na katikati bado ni 40. Mara nyingi nyama iliingia ikiwa na barafu ndani, au oveni haifiki joto linaloandikwa. Usipandishe moto. Bana foili, ongeza kikombe cha maji ya moto kwenye trei kama imekauka, na uendelee. Nyama yenye barafu katikati inaweza kudai hadi mara moja na nusu ya muda wa kawaida.

Imefika 60 na wageni bado wako njiani. Shusha oveni mpaka nyuzi 95 (200 za Farenhaiti), funika vizuri na uiache humo. Kipimajoto kisome 60 au zaidi wakati wote. Saa moja haitaiharibu.

Imekauka. Kata vipande vyembamba, upange kwenye sinia lenye kina, na umimine juu yake maji ya trei yakiwa moto. Yaonje kwanza, yakiwa na chumvi kali, punguza kwa juisi ya nanasi au maji.

Ina chumvi mno. Ikishapashwa huwezi kuitoa. Ipeleke mezani na kitu kisicho na chumvi kabisa: viazi vitamu, ndizi za kuchemsha, ugali, kabichi mbichi.

Kipako kimeungua. Kwangua sehemu nyeusi kwa mgongo wa kisu ingali moto, kisha paka kilichobaki bila kuirudisha kwenye oveni.

Vipande vinang'aa kijani na zambarau kama mafuta juu ya maji. Huo ni mwanga unaovunjika juu ya nyuzi za nyama zilizokatwa, na hauna madhara. Lakini ikiwa nyama inateleza kwa ute na inanuka uchachu, itupe. Kuipasha hakutaiokoa.

## Kiporo

Iingie kwenye friji ndani ya saa 2 baada ya kutoka oveni, ikiwa imekatwa na kuondolewa mfupani, maana donge zima linapoa polepole. Kwenye friji kula ndani ya siku 3 hadi 5. Kwenye friza inabaki na ladha nzuri kwa mwezi mmoja au miwili. Ukipasha tena, safari hii ni nyuzi 74.

Mfupa usiutupe. Uweke kwenye sufuria ya maharage yaliyolowekwa tangu jana na uchemshe navyo mpaka maharage yalainike. Usitie chumvi yoyote mpaka mwishoni, na uonje kabla.